Mmoja ametegea, wanne wanataka kumfuta jina: kundi lifanye nini?

*"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu na ndimi kiongozi wa kundi la watu watano. Kazi yetu ni ripoti ya upotevu wa nyanya kwa wachuuzi wa Soko la Mawenzi, Morogoro, na ina alama 20 kati ya zile 40 za muhula. Zimebaki siku 11. Wanne tumekwenda sokoni na kujaza madodoso 60. Wa tano hakuja hata siku moja. Kwenye grupu la WhatsApp anasoma lakini hajibu, na akijibu ni 'tupo pamoja'. Mwanzoni alileta ukurasa mmoja wa utangulizi, ulikuwa mbovu, tukaufuta nikauandika upya mwenyewe. Juzi katuma shilingi 10,000 akasema ni za kuprinti. Wenzangu wanataka siku ya kukusanya tulitoe jina lake bila kumwambia. Ni rafiki yangu, tumetoka naye shule moja. Nikimwacha anakula alama za bure. Nikimfuta atapata sifuri, na huenda akarudia somo. Haki ni ipi?"*

Marahaba, mwanangu. Natanguliza jibu lenyewe kwa sababu siku zako zinahesabika: msilifute jina kimya kimya, na msimbebe kimya kimya. Ukifanya lolote kati ya hayo mawili, mhadhiri anakosa taarifa ambayo ni yeye peke yake mwenye mamlaka ya kuifanyia kazi. Siku 11 zinatosha kwa njia nyingine. Mpeni mwenzenu kipande cha kazi kinachoweza kupimika, andikeni nani alifanya nini, mwarifuni mhadhiri kabla ya siku ya kukusanya, kisha ombeni alama zigawanywe kwa kufuata mchango wa kila mtu. Nitaeleza kwa nini naiona hii ndiyo haki, halafu nitakuonyesha jinsi ya kuifanya, hesabu ikiwemo.

Nianze na hilo la jina, maana ndilo wenzako wanalolishikilia. Majina ya kundi hupangwa au hupokelewa na mhadhiri mwanzoni mwa kazi, na tangu hapo orodha ni yake. Wanne wakikutana steshenari usiku wa mwisho na kulifuta jina la tano, wametoa adhabu ya sifuri bila kumsikiliza mtuhumiwa na bila kuwa na cheo cha kuitoa. Wiki inayofuata mwenzenu atakwenda ofisini kulalamika, na malalamiko yake yatakuwa na nguvu: ataonyesha kwamba hakuna aliyemwandikia kumwonya, kwamba alileta ukurasa ukafutwa, na kwamba alituma pesa mkaipokea. Nimewaona wanafunzi waliofanya kazi yote kwa jasho wakijikuta ndio wanaojieleza mbele ya mkuu wa idara, kwa sababu tu walichukua hatua kabla ya kuandika neno lolote.

Kumbeba nako si huruma kama mnavyodhani. Jina kwenye jalada ni tamko kwamba mwenye jina hilo ameshiriki. Mkiliweka la mtu ambaye hakushiriki mnasema uongo kwa maandishi, na sahihi zenu ziko pale pale. Halafu kuna siku ya kuwasilisha: mhadhiri akimgeukia akamuuliza mliwapataje wachuuzi 60, atakwama mbele ya darasa zima, na nyote mtaonekana mmeshirikiana kumficha.

Sasa tuingie kwenye chanzo cha kutegea kwenyewe, kwa sababu dawa inatoka humo. Watu wengi huamini kwamba mtegeaji ni mvivu wa kuzaliwa. Wapo wavivu, sikatai. Lakini kutegea kunategemea sana namna kazi ilivyopangwa, na hili limepimwa kwa muda mrefu. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu waliovuta kamba. Watu wanane wakivuta pamoja walitoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo ingepatikana kama ungejumlisha nguvu ya kila mmoja akivuta peke yake. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba labda ni kukosa mpangilio tu, wanavuta kwa kupishana. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakalijaribu hilo kwa ujanja: walimfunga mtu kitambaa machoni wakamwambia kuna wenzake nyuma yake wanavuta, kumbe wale wamesimama tu wakiigiza. Mtu yule alivuta kwa nguvu pungufu, ingawa kamba yote ilikuwa mikononi mwake. Upungufu ulikuwa ndani yake, umeletwa na imani tu kwamba wengine wapo.

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu zaidi wewe kama kiongozi. Mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake waliwaomba wanafunzi wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, wakiwa peke yao na wakiwa katika makundi, na mwaka 1979 wakachapisha matokeo yaleyale: ndani ya kundi kila mtu anapunguza. Miaka miwili baadaye walibadilisha jambo moja. Waliwaambia washiriki kwamba hata wakiwa ndani ya kundi sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake. Kupunguza kukaisha. Watu walikuwa walewale, na kazi ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni kwamba mchango wa kila mtu ulionekana.

Rudi sasa kwenye kundi lako ujiulize mchango wa kila mtu ulionekana wapi. Grupu la WhatsApp lenye watu watano, ambamo mtu anaandika "jamani tujitahidi sura ya pili", halimtaji mtu, halina tarehe, na halionyeshi nani kafanya nini. Akinyamaza mmoja hakuna kinachosimama, kwa sababu wengine wataibeba tu. Naye amejifunza hivyo kwa kuona: hakuja sokoni, na madodoso yakajaa bila yeye.

Kuna jambo la pili ambalo huenda hutalipenda, lakini umeliandika kwa mkono wako. Mwenzenu alileta ukurasa mkaufuta, ukauandika upya wewe. Najua ulikuwa mbovu, na najua ulifanya hivyo kwa kuhofia alama. Mtazame yeye lakini: alijitokeza mara moja, na alichopata ni kuona kwamba akileta au asilete, kinachobaki kwenye faili ni maneno yako. Mtu wa namna hii hujiondoa polepole. Wengi wao huwa ni wale wasiojiamini katika kuandika, au wanaofikiri kwa Kiswahili wakati ripoti inatakiwa kwa Kiingereza, na aibu ya kufutwa mara moja huwatosha kwa muhula mzima. Zile shilingi 10,000 naziona kwa jicho hilohilo. Anayetegea kwa raha hatumi pesa bila kudaiwa. Huyu anajua ana deni, na amelipa kwa kitu pekee alichoona kinapokelewa bila kukosolewa.

Hilo halimsafishi. Kutokuja sokoni siku zote bila taarifa ni kosa lake, na kuandika "tupo pamoja" wakati haupo ni kosa jingine. Nalisema ili usiingie kwenye mazungumzo ukiwa umeshamhukumu tabia, wakati unachojua ni matendo tu.

Na kabla hujazungumza naye, wapimeni na nyie wanne. Kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila kuonyeshana, anadhani amefanya asilimia ngapi ya kazi yote hadi leo. Kisha jumlisheni. Mara nyingi jumla hupita 100, kwa kuwa kila mtu anakumbuka jasho lake vizuri kuliko la mwenzake. Watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly walilionyesha hili mwaka 1979 kwa wanandoa na kwa watu waliofanya kazi pamoja. Ikiwa jumla yenu ni 140 na yeye hayumo kabisa, mmejiongezea 40 kati yenu, na ni busara kujua hivyo kabla ya kusema kwamba mwenzenu amefanya sifuri.

Baada ya hapo kusanya rekodi, jioni moja inatosha. Chukua karatasi ugawe kazi kwa mafungu ambayo mtu anaweza kuyaona: kwenda sokoni, madodoso, kuingiza takwimu, kuandika kila sura, kupanga vyanzo, slaidi. Pembeni ya kila fungu andika nani, lini, na kinachothibitisha. Kama mnaandikia Google Docs, fungua `File > Version history > See version history`. Utaona kila badiliko na jina la aliyelifanya. Tahadhari hapa. Historia hiyo inamtambua aliyebandika maneno, haimtambui aliyeyatunga. Mwenye simu tu, asiye na kompyuta, huandika aya zake WhatsApp na mwingine akazibandika, na mtambo unampa sifa mbandikaji. Kwa hiyo pitia na ujumbe wa WhatsApp pia. Ule ukurasa wake uliofutwa utaukuta kwenye historia. Uandike kwenye orodha: "aliandika rasimu ya utangulizi, haikutumika". Orodha inayomtendea haki yeye ndiyo itakayoaminiwa na mhadhiri inapowatetea nyie.

Kisha mtafute peke yake. Msiende wanne, usimwandikie kwenye grupu, na usitumie ujumbe mrefu wa lawama usiku. Kwa vile mmetoka shule moja, una mlango ambao wenzako hawana, utumie. Mpigie umwambie unataka mkutane mzungumzie ripoti, ili asije akidhani ni soga. Mkikaa, sema ulichokiona, uulize, kisha unyamaze. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Sokoni tumekwenda mara zote bila wewe, na madodoso 60 hakuna hata moja la kwako. Ukurasa wako niliufuta bila kukuonyesha tatizo liko wapi, na hapo sikufanya vizuri. Zimebaki siku 11. Kuna nini, na unaweza kufanya nini kuanzia leo?" Usijaze kimya kwa maswali mengine. Sababu halisi huwa inakuja ya pili au ya tatu, baada ya ile ya kukwepa.

Majibu utakayoyapata yanaangukia kwenye mafungu machache, na kila fungu lina njia yake. Akisema bumu halijatoka kwa hiyo anafanya vibarua mchana, tatizo ni saa, na kazi ya usiku anaiweza. Akisema hana kompyuta, mpe kazi ya kalamu na simu, au muachie mashine saa mbili kwa siku. Akisema hakuelewa dodoso wala sura, anahitaji mtu wa kukaa naye mara moja tu. Akisema "nyie si mnajua kila kitu, fanyeni", basi umempata mtegeaji kweli, na njia iliyobaki ni ya maandishi.

Vyovyote atakavyojibu, kesho yake kaeni watano kwa dakika arobaini hivi mgawane kilichobaki. Hapa ndipo makundi mengi hukosea, kwa kugawa sura nzima nzima. "Wewe shughulikia sura ya nne" haipimiki hadi siku ya mwisho, na siku hiyo ndiyo utakayogundua hakuna kitu. Kipande kizuri kina sifa tatu. Kinaishia kwenye kitu kinachoonekana, kinaweza kufanyika bila kumsubiri mtu mwingine, na tarehe yake iko mbali vya kutosha na siku ya kukusanya ili kikikosekana bado kuna muda wa kukiziba.

Kwa kazi yenu mimi ningempa hivi. Siku ya kwanza hadi ya tatu, aingize kwenye jedwali la kompyuta madodoso 20 kati ya yale 60. Ni kazi ya kukaa chini, haihitaji Kiingereza kizuri, na inamlazimisha kusoma majibu ya wachuuzi ambao hakuwaona. Siku ya nne hadi ya sita, atengeneze majedwali mawili, kwa mfano kiasi cha nyanya zinazoharibika kwa siku na sababu wanazozitaja wachuuzi, na chini ya kila jedwali aandike aya moja ya kueleza linaonyesha nini. Siku ya kuwasilisha asimamie slaidi za majedwali hayo yeye mwenyewe. Usifanye kosa la kumpa jalada, faharasa na kuprinti. Vipande hivyo havimfundishi kitu, na mhadhiri atajua kwamba mmemtafutia pa kuweka jina.

Akileta aya mbovu, usizifute. Weka maoni pembeni ya faili, mambo mawili au matatu yanayorekebishika, umpe siku moja azirudie. Ikishindikana mara ya pili mnaweza kuzihariri, na rasimu yake ibaki kwenye historia.

Zile shilingi 10,000 zitoeni kwenye hesabu ya kazi. Gharama za kuprinti na kujalidi zigawanywe sawa kwa watano, ziada arudishiwe, na mwambieni waziwazi. Mkikaa na pesa hiyo kimya kimya, yeye ataihesabu kama mchango na nyie mtaihesabu kama msaada, na ugomvi utazukia hapo.

Makubaliano ya mkutano yaandikwe mistari michache na kutumwa kwenye grupu siku hiyo hiyo: nani, nini, tarehe na saa. Hapo ndipo WhatsApp inapofaa.

Siku hiyo au inayofuata, mwandikie mhadhiri. Wanafunzi wengi huogopa hatua hii kwa kuona ni kumchongea mwenzao, wakangoja matokeo ndipo walalamike. Mimi nikipokea malalamiko baada ya alama kutoka, karibu hakuna ninachoweza kufanya. Kazi imeshasahihishwa kama ya watano, na kila upande una hadithi yake. Nikiyapokea siku tisa kabla, naweza kumwita mtu, kubadilisha namna ya kusahihisha, au hata kumtenga akafanya kazi yake peke yake. Barua iwe fupi na isiwe na neno la tabia ndani yake. Usiandike "mvivu", usiandike "hajali". Andika hivi: "Mwalimu, kundi letu lina tatizo la mgawanyo wa kazi. Mwenzetu mmoja hakushiriki kukusanya takwimu. Tumezungumza naye tarehe fulani, na tumekubaliana afanye vipande vifuatavyo kwa tarehe hizi. Tunaomba ufahamu, na tunaomba kama inawezekana alama zizingatie mchango wa kila mmoja. Mgawanyo wa kazi tumeuambatisha." Mwenzenu naye apate nakala ya barua hiyo. Hapo hakuna uchongezi, kwa sababu anajua kila kilichosemwa juu yake na anaweza kukijibu.

Mhadhiri akikubali alama zizingatie mchango, mpendekezee njia inayohesabika, maana kumwambia tu "mpunguzie" kunamtwisha mzigo wa kukisia. Inayotumika sana ni ya wanakundi kupimana kwa siri. Mfumo wa WebPA, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Loughborough huko Uingereza, umejengwa juu ya wazo hilo. Ninayoipenda kwa kundi dogo ni hii. Kila mtu anapewa pointi 100 azigawe kwa wenzake wanne, yeye mwenyewe hajipi kitu. Akiona wote wamefanya sawa, atampa kila mmoja 25. Karatasi zinakwenda kwa mhadhiri moja kwa moja, hamwonyeshani. Kwa kuwa mko watano, aliyechangia kiasi cha kawaida atapokea pointi 100 kwa jumla. Kisha mhadhiri anaiacha nusu ya alama ya kundi iwe ya wote sawa, na nusu nyingine anaizidisha kwa pointi za mtu:

```
alama ya mtu = (G ÷ 2) + (G ÷ 2) × (P ÷ 100)
G = alama ya kundi    P = pointi alizopokea
```

Tuseme ripoti yenu imepata 16 kati ya 20. Wewe umepokea pointi 125, wa pili 115, wa tatu 110, wa nne 100, na mwenzenu aliyechelewa 50. Ukijumlisha unapata 500, kama inavyopasa. Nusu ya 16 ni 8. Wewe utapata 8 na 10, yaani 18. Wa pili atapata 17.2, wa tatu 16.8, wa nne 16 kamili, na yeye atapata 8 na 4, yaani 12. Jumla ya alama za watano ni 80, sawasawa na kama kila mtu angepewa 16, kwa hiyo hakuna alama iliyotoka hewani wala kupotea.

Itazame vizuri hiyo 12. Ni alama 6 chini yako, pengo ambalo kila mtu ataliona, lakini si sifuri. Inasema ukweli wa kilichotokea: aliingiza madodoso 20, akatengeneza majedwali, na hakwenda sokoni. Asingefanya hata hivyo vipande vya mwisho, pointi zake zingeshuka labda hadi 10, na alama yake ingekuwa 8.8. Hapo ndipo adhabu inatoka kwenye kazi yenyewe, bila mtu kukaa na kuamua amkomoe kiasi gani. Na kama mwalimu angeizidisha alama yote kwa pointi badala ya nusu, mwenzenu angebaki na 8, na wewe ungefika 20 kwenye ripoti ambayo mwalimu mwenyewe aliiona ni ya 16. Ndiyo sababu napendelea nusu.

Njia hii ina mianya miwili, na nataka uijue kwa sababu mmoja unawahusu. Wa kwanza ni upole: watu wanaogopana, kila mmoja anaandika 25 kwa wote, na hesabu nzima inakuwa bure. Usiri unasaidia, na kudai sentensi moja ya sababu kwa kila mtu anayepewa pointi kunasaidia zaidi. Wa pili ni njama. Wanne wenye hasira wanaweza kukubaliana kumpa mmoja sifuri, na kwenye hesabu itaonekana kama haki. Mhadhiri makini huigundua: karatasi nne zinafanana mno, na orodha ya kazi inaonyesha huyo aliyepewa sifuri ameingiza madodoso 20. Kwa jinsi ulivyowaeleza wenzako, wako karibu na njama kuliko upole. Waambie mapema kwamba pointi zisizolingana na orodha zitawaharibia wao.

Huenda mhadhiri akajibu "malizaneni wenyewe". Hutokea, hasa darasa likiwa na wanafunzi mia kadhaa. Bado hamkosi la kufanya. Wekeni mwishoni mwa ripoti ukurasa wa mgawanyo wa kazi, kila jina na alichofanya, na sahihi zote tano. Majarida mengi ya kitaaluma huwadai waandishi tamko la aina hiyo, kwa hiyo hakuna atakayewaona mmezua jambo. Mwenzenu akikataa kusaini, andikeni kwamba alionyeshwa tarehe fulani hakusaini, bila kuongeza maneno. Na siku ya kuwasilisha, mwombeni mhadhiri amuulize kila mtu swali kuhusu kipande alichosainia. Maswali mawili tu hutosha kumtofautisha aliyefanya na aliyebebwa.

Iwapo siku ya tatu itafika na madodoso 20 hayajaingizwa wala hajatoa sababu, usimwongezee muda kwa siri. Mwandikie yeye na mhadhiri kwa pamoja kwamba kipande cha kwanza hakikufika, na kwamba kuanzia saa hiyo wanne mnakiziba. Kiingizeni wenyewe, msonge mbele. Jina libaki au litoke, hapo ni uamuzi wa mhadhiri, na mnamwachia ushahidi wa kutosha kuufanya.

Kuna hali ambazo hazifai kumalizwa na kundi, na ukizigundua acha hesabu zote nilizokueleza uende kwa mtu ana kwa ana. Rafiki yako akikwambia halali usingizi kwa wiki kadhaa, hatoki chumbani, ameacha kuhudhuria hata masomo mengine, au akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, usimwache peke yake siku hiyo. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya cha chuo, ufuatane naye mpaka mlangoni. Ikiwa ada haijalipwa na usajili wake haujakamilika, hilo ni la ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla ya mhadhiri, kwa sababu huenda alama zenyewe zisiingizwe. Na ikiwa anakwepa mikutano kwa kuwa kuna mtu ndani ya kundi anayemsumbua au kumtaka kimapenzi, usimlazimishe kukaa naye meza moja kwa ajili ya majedwali. Lifikishe kwenye dawati la jinsia la chuo, na umwombe mhadhiri amhamishe kundi au ampe kazi ya peke yake bila kumtaka aeleze sababu mbele ya darasa.

Kwa hayo mengine, anza na simu ya leo jioni. Ukimpata, mwambie na hili: kwamba wenzako walitaka kumfuta na wewe umekataa hadi asikilizwe, na kwamba barua kwa mhadhiri itakwenda baada ya mkutano wenu wa watano, naye ataisoma kabla haijatumwa.